Unga wa uji: milioni 25 za jaribio la soko Mbale, au tuingie sokoni moja kwa moja? Mti wangu unasema jaribio

#1 Pima_Kwanza
Habari za jioni wanajamvi. Naomba mnikagulie mti huu wa uamuzi kabla haujafika mezani kwa wenye kinu siku ya Jumatatu.

Bidhaa ni unga wa uji wa ulezi na soya, pakiti ya kilo moja, kinu kipo Jinja. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuusambaza sasa hivi Kampala, Jinja, Mbale na Mbarara. Ya pili ni kuuza Mbale pekee kwa miezi mitatu, kisha kuamua. Namba zote ni mamilioni ya shilingi, kwa miaka miwili, gharama zikishatolewa:

Soko likiupokea: +300
Soko likiukataa: −160 (mashine ya kufungasha, mifuko iliyokwisha chapwa, deni la nafaka)
Uwezekano wa kupokelewa: 0.5
Gharama ya jaribio la Mbale: 25
Soko likiwa zuri, jaribio husema "zuri" mara 8 kati ya 10. Soko likiwa baya, jaribio hukosea na kusema "zuri" mara 3 kati ya 10.

Kuingia sasa: 0.5 × 300 − 0.5 × 160 = 70.

Jaribio: nusu ya uwezekano litatoka jema, na hapo soko ni zuri kwa 0.8, yaani 0.8 × 300 − 0.2 × 160 = 208. Nusu nyingine litatoka baya, tunaacha. Kwa hiyo 0.5 × 208 = 104, toa 25, inabaki 79.

Jaribio linashinda kwa milioni 9. Kuna kilichoniponyoka?

#2 KikuuboJumla
Ndugu, milioni 25 kwa Mbale peke yake ni nyingi. Peleka katoni 200 Kikuubo, ndani ya wiki mbili utajua kama unga unakwenda au haukwendi. Watu wa jumla wanaokuja pale wanatoka kila pembe ya nchi, na hawabebi kitu kisichouzika.

#3 Mhasibu_wa_Nile
Pima_Kwanza, umbo la mti ni sahihi, lakini namba mbili zimekaa mahali pasipo pao.

Ile 0.8 inajibu swali hili: soko likiwa zuri, jaribio litasema zuri mara ngapi? Wewe umeiweka kwenye tawi linalouliza kinyume chake: jaribio likisema zuri, soko ni zuri kweli mara ngapi? Hayo ni maswali mawili tofauti na majibu yake hayalingani.

Chukua bidhaa 100 kama hii yako. Kwa makadirio yako, 50 zina soko na 50 hazina. Katika zile 50 nzuri, jaribio litazipitisha 40 na kuzikataa 10. Katika zile 50 mbaya, litazipitisha 15 kimakosa na kuzikataa 35. Zilizopita ni 55, si 50. Na kati ya hizo 55, nzuri kweli ni 40, yaani 0.727, si 0.8.

Sasa kunja mti kutoka kulia. Jaribio likiwa jema: 0.727 × 300 − 0.273 × 160 = 174.5. Likiwa baya, nzuri ni 10 kati ya 45, yaani 0.222, na kuingia kunatoa hasara ya 57.8, kwa hiyo tawi hilo unalifunga kwa sifuri. 0.55 × 174.5 = 96. Toa 25, unabaki na 71.

Ni 71 dhidi ya 70. Ule ushindi wa milioni 9 haupo.

#4 Dada_Mizani
Kaka Mhasibu, hapo kwenye 0.727 nakubali kabisa. Ila 25 umeitoa vibaya. Gharama ya jaribio inakatwa kwenye faida itakayopatikana: 174.5 − 25 = 149.5, ukizidisha kwa 0.55 unapata 82.2. Jaribio likiwa baya hatuingii sokoni, kwa hiyo hakuna pato la kukata kitu. Kwa hesabu hii jaribio bado linashinda kwa milioni 12.

#5 Mhasibu_wa_Nile
Dada Mizani, siku jaribio linapotoka baya, mawakala wa Mbale wameshalipwa, gari limeshakunywa mafuta, na pakiti za kuonjesha zimeshaliwa. Ncha ya tawi la "acha" baada ya jaribio haiwi sifuri, inakuwa −25. Njia yako imewasamehe ile gharama katika matawi 45 kati ya 100.

Njia salama ni kuandika kila ncha kwa jumla yake yote, tangu shilingi ya kwanza:

Jaribio jema, soko zuri: +275, uwezekano 0.40
Jaribio jema, soko baya: −185, uwezekano 0.15
Jaribio baya, tunaacha: −25, uwezekano 0.45

110 − 27.75 − 11.25 = 71. Uwezekano ukijumlishwa usipofika 1, kuna tawi limesahaulika. Huo ndio ukaguzi wa kwanza kabla hujamwonyesha mtu mti wako.

#6 Dada_Mizani
Nimeona. 45 × 25 ndiyo iliyokuwa imenitoroka. Asante.

#7 Laha_Nakasero
Kwa wanaotaka kucheza na namba wenyewe bila kuchora, hii inatosha:

```
B1: 0.5    B2: 0.8    B3: 0.3
B4: 300    B5: -160   B6: 25
B8:  =B1*B4+(1-B1)*B5
B9:  =MAX(0,B1*B2*B4+(1-B1)*B3*B5)
B10: =MAX(0,B1*(1-B2)*B4+(1-B1)*(1-B3)*B5)
B11: =B9+B10-B6
```

B8 ni kuingia sasa, B11 ni jaribio. B10 ikionyesha sifuri, maana yake jaribio baya litawafanya mwache. MAX msiiondoe. Bila hiyo, mti unawalazimisha kuingia hata pale jaribio lilipokataa, na jaribio linaonekana halina faida yoyote.

Badilisheni B1 peke yake muone. Kwa 0.4, kuingia sasa ni 24 na jaribio ni 42.2. Kwa 0.6, kuingia sasa ni 116 na jaribio 99.8. Njia zinapishana kwenye 0.506. Chini ya 0.253 hata jaribio lenyewe ni hasara, usianze. Kwa hiyo ile "nusu kwa nusu" ya #1 imesimama karibu kabisa na mpaka. Uamuzi wote wa kinu unaning'inia kwenye namba ambayo nadhani hakuna aliyeikokotoa.

#8 Pima_Kwanza
Nimeielewa #3 na nimeirekebisha laha. Kuhusu 0.5, kweli, iliwekwa kwa sababu wakubwa wawili hawakukubaliana, mmoja alisema 0.6 na mwingine 0.4.

#9 Laha_Nakasero
Basi msichukue katikati yao. Wa 0.6 akiwa sahihi, ingieni. Wa 0.4 akiwa sahihi, fanyeni jaribio. Wastani wao umeficha kwamba hao wawili wanataka mambo tofauti. Wakalisheni waseme kila mmoja anategemea nini: bei ya pakiti, ladha ya soya, au maduka kukubali kuiweka mbele.

#10 Sabuni_Gulu
Wakuu, swali langu linafanana na hili. Sabuni ya maji, Gulu. Mashine ni ya kukodi na ndoo hununuliwa kadiri zinavyohitajika, kwa hiyo nikishindwa napoteza kama 60 tu, si 160. Namba nyingine tuseme ni zilezile. Nifanye jaribio pia?

#11 Mhasibu_wa_Nile
Weka −60 kwenye laha ya #7, kisha itazame B10. Jaribio likitoka baya: 0.222 × 300 − 0.778 × 60 inatoa karibu +20. Yaani hata jaribio likikukataa, bado ungeingia sokoni. Kwa hiyo matokeo yoyote yatakayokuja hayabadilishi unachokifanya, na milioni 25 zinanunua habari usiyoitumia. Kuingia sasa ni 120. Kufanya jaribio ni 120 kutoa 25, yaani 95.

Tofauti yako na ya Pima_Kwanza haiko kwenye soko. Iko kwenye kile kinachorudi mkononi ukishindwa. Yeye ana mifuko iliyochapwa jina, haiuziki kwa mtu mwingine. Wewe unarudisha mashine kwa mwenyewe.

#12 KikuuboJumla
Hapo #11 ndipo ninaposimama mimi tangu #2. Wa unga naye apunguze kile cha kupotea. Akodi mashine ya kufungasha, achape mifuko kwa awamu, anunue ulezi nusu. Halafu aingie.

#13 Dada_Mizani
Mzee wa Kikuubo, hilo ni tawi la tatu, na ni zuri, lakini lina bei yake. Mifuko ikichapwa kidogo, bei ya mfuko mmoja inapanda, na faida ya 300 haitabaki 300. Lichorwe kama njia inayojitegemea na namba zake, lisichanganywe na zile mbili.

#14 Mama_Wimbi_Mbale
Nimesoma yote na sijaona mtu akiuliza kuhusu miezi mitatu yenyewe. Ulezi wa Teso na Lango hupandwa mvua za Machi na Aprili, ukavunwa katikati ya mwaka. Baada ya mavuno ndipo unapopata nafaka kavu kwa bei nzuri. Mkianza jaribio wakati huo na kulimaliza miezi mitatu baadaye, nafaka ya usambazaji mkubwa mtainunua kutoka kwa walioihifadhi, na bei si ileile. Tena pakiti ikishakaa rafuni Mbale, kila mwenye kinu ataisoma nyuma viungo vyake. Ulezi na soya si siri.

Kwa hiyo aliyefanya jaribio na kupata jibu zuri hapati 300. Atapata pungufu.

#15 Mhasibu_wa_Nile
Mama Wimbi, hilo ndilo lililokuwa limekosekana. Tukisema kuchelewa kunashusha 300 hadi 260, nambie kama umeona kidogo au kikubwa, tawi la jaribio linakuwa 0.4 × 260 − 0.15 × 160 − 25 = 55. Kuingia sasa hakuguswi, ni 70 ileile.

Na hapa tunapata bei ya haki ya jaribio. Bila kuchelewa, habari ya Mbale ina thamani ya 96 − 70 = 26. Mkilipa 25 mmebakiwa na milioni moja. Kwa kuchelewa, ni 80 − 70 = 10. Anayewatoza 25 kwa kitu cha thamani ya 10, mwambieni apunguze au aondoke.

#16 Mama_Wimbi_Mbale
Kushuka kwa 40 ninakuona kwa haki. Mwaka wa mavuno mabaya kutazidi.

#17 Bodi_ya_Kinu
Nakaa upande wa wenye fedha katika kampuni nyingine, kwa hiyo nitasema tunavyoziona namba hizi. Thamani tarajiwa ni wastani. Mwenye bidhaa 40 kwa mwaka anaweza kuishi kwa wastani, kwa sababu hasara ya moja inafunikwa na faida ya nyingine. Kinu hiki kina bidhaa moja na deni moja.

Rudini #5 mtazame ncha badala ya jumla. Akiingia sasa, uwezekano wa kupoteza 160 ni 0.5. Akifanya jaribio kwanza, uwezekano wa hasara kubwa, hiyo −185, ni 0.15. Hata kwa hesabu ya #15 ambapo jaribio linatoa 55 badala ya 70, anachotoa ni milioni 15 za wastani ili kuanguka kushuke kutoka mara 50 kati ya 100 hadi mara 15. Kiwanja kikiwa ndicho dhamana benki, mimi naona 15 ni bei ndogo.

#18 Laha_Nakasero
Sikubaliani kabisa na #17, ingawa naelewa. Ukishaanza kusema "bei ndogo" bila kipimo, kila mradi utapelekwa kwenye jaribio. Afadhali mseme wazi: hasara ya 160 inaumiza kinu kama hasara ya ngapi kwa mtu asiye na deni? Mkisema 200, wekeni −200 kwenye B5 mkunje upya. Kuingia sasa kunashuka hadi 50, na jaribio pamoja na kuchelewa linakuwa 104 − 30 − 25 = 49. Hata hapo yanalingana tu. Ili jaribio lishinde waziwazi lazima mwamini kwamba 160 inauma zaidi ya 200.

#19 Bodi_ya_Kinu
Kwa kiwanja kinachouzwa na benki, inauma zaidi ya 200. Lakini nakubali kwamba namba hiyo iandikwe, isibaki kichwani mwa mtu.

#20 KikuuboJumla
Nyie mnabishana kuhusu 15 na mimi bado nasubiri mtu aniambie kwa nini wiki mbili za Kikuubo hazitoshi.

#21 Mama_Wimbi_Mbale
Kwa sababu Kikuubo inakuonyesha wenye maduka wamenunua, haikuonyeshi watoto wamekunywa. Mwenye duka huchukua katoni tano za kitu kipya kwa sababu umempa kwa mkopo. Pakiti ya kilo nyumbani huchukua wiki mbili au tatu kuisha. Unachokitafuta ni yule mama aliyerudi kununua ya pili na ya tatu. Kwa wiki mbili hujaona hata ya pili.

Tena Kikuubo mzigo unatawanyika. Katoni iliyokwenda Lira na iliyokwenda Masaka huwezi kuzifuata. Mbale unaweza kuwa na maduka 30, ukahesabu kilichobaki rafuni kila Jumamosi, na ukajua.

#22 KikuuboJumla
Hapo umenishika, mama. Lakini hata Mbale wanunuzi wa jumla watakuja wachukue mzigo wapeleke Soroti na Kapchorwa, na mtadhani Mbale inakunywa uji sana.

#23 Mama_Wimbi_Mbale
Kweli, na ndiyo maana nawashauri msiuze zaidi ya katoni moja kwa mnunuzi mmoja wakati wa jaribio. Ukiona duka limemaliza katoni nne kwa siku moja, uliza, usishangilie.

La pili ni kalenda. Shule za bweni zinapofungua, wazazi hununua unga wa uji kwa wingi kwa ajili ya masanduku ya watoto. Ramadhani ikiangukia ndani ya jaribio, uji wa kufuturu utapandisha mauzo. Katika majuma hayo hata unga mbovu unauzika. Ile 0.3 ya jaribio kudanganya ni ya majuma ya kawaida.

#24 Dada_Mizani
Nimeijaribu hiyo. Kosa likipanda kutoka 0.3 hadi 0.5 na mengine yakibaki kama #3: 0.4 × 300 − 0.25 × 160 − 25 = 55. Yaani kuchagua majuma mabaya kunakula milioni 16, sawa kabisa na miezi mitatu ya kuchelewa kwenye #15. Nimeikagua mara mbili kwa sababu sikuamini.

#25 Mhasibu_wa_Nile
Hesabu yako ni sahihi, dada. Na vyote viwili vikikutana, kuchelewa na kalenda mbaya, ni 104 − 40 − 25 = 39.

#26 Mpita_Njia256
Samahani, hivi kwa jaribio tu mnahitaji alama ya Q ya UNBS au ni baada ya kuingia soko lote? Nadhani jaribio linaweza kufanyika kwa kaveera bila nembo.

#27 Mama_Wimbi_Mbale
Hapana. Unga wa kuuzwa dukani ni uleule, uwe wa jaribio au wa kudumu. Pia kaveera bila nembo inaharibu jaribio lenyewe, maana mteja wa pakiti nzuri si mteja wa kaveera. Kihesabu, ada hizo zinalipwa katika njia zote mbili, kwa hiyo hazichagui njia. Zinahusika tu na swali la kuacha kabisa.

#28 Pima_Kwanza
Asanteni sana. Nimeuchora upya mti ukiwa na njia nne: kuingia sasa 70, jaribio la miezi mitatu 55, mpango wa mzee wa Kikuubo wa kukodi mashine (bado natafuta bei ya mifuko michache), na jaribio fupi la majuma sita, maduka 30 ya Mbale, gharama 10, lisilogusa msimu wa mavuno. Kwa hilo la mwisho nimeweka usahihi wa 0.7 na makosa 0.3: 0.35 × 300 − 0.15 × 160 − 10 = 71.

#29 Laha_Nakasero
Majuma sita yanakupa ununuzi wa pili, na wa tatu kwa wachache tu. Hiyo 0.7 umeitoa wapi? Ikiwa 0.6, B10 inakuwa +4, yaani hata jaribio likikataa laha inasema mngeingia, na jaribio linabaki 70 − 10 = 60. Mkiacha likikataa, inakuwa 90 − 24 − 10 = 56.

#30 Pima_Kwanza
Nimeikadiria. Kuna mwenye kumbukumbu za bidhaa za nafaka zilizowahi kuanzia mji mmoja, ngapi zilipita jaribio na ngapi baadaye zilikufa sokoni?

#31 Bodi_ya_Kinu
Kwa namba hizo hizo za 0.6, mkiacha jaribio likikataa, uwezekano wa hasara kubwa bado ni 0.15, na hasara yenyewe inakuwa −170. Mimi bado ningechukua majuma sita.

#32 KikuuboJumla
Kumbukumbu wanazo wasambazaji wa Mbale na Iganga, kwenye vitabu vya mikopo. Waulize bidhaa zilizorudishwa, si zilizouzwa. Na bei ya mifuko nitakuletea kesho kutoka Nasser Road.